Nauli ya elfu tatu kwa kura moja: hesabu inakataa kweli?

"Mwalimu, mimi nakaa Kayole natengeneza simu, lakini kura nilijiandikisha ushago, Vihiga. Kila uchaguzi natumia elfu tatu ya nauli kwenda na kurudi, na nikifunga kibanda siku mbili napoteza kama elfu mbili ingine. Jamaa mmoja aliyesoma uchumi ananiambia mtu mwenye akili zake hawezi kupiga kura, ati hesabu imekataa, kura moja haijawahi kubadilisha kitu. Mama naye anasema kila mtu akifikiria hivyo nani atapiga? Sasa nani ako sawa?"

Ndugu yangu, jamaa yako anapiga hesabu vizuri mpaka katikati halafu anaachia hapo, na mama yako amefika mahali pazuri kwa njia ambayo haipitiki. Wacha tuanze na huyo jamaa kwa sababu hiyo hesabu yake si ya kijiweni, ni ya Anthony Downs, mchumi Mmarekani aliyeiandika 1957, na imewasumbua wasomi wa siasa tangu hapo hadi leo.

Downs aliuliza hivi. Kura yako inaamua matokeo lini? Ni wakati mmoja tu, pale ambapo wengine wote wakishapiga wagombea wawili wako sare, ama mtu wako ako nyuma kwa moja. Kwa hali ingine yoyote ungelala nyumbani na rais angekuwa yule yule. Sasa hiyo nafasi ni kubwa kiasi gani hapa kwetu? Chukua uchaguzi ambao wapigaji ni kama milioni 14, vile ilikuwa 2022. Kabla ya siku yenyewe hakuna mtu anajua mwanya utakuwa wa kura ngapi, na tuseme ukiwa mkweli unaona mtu wako anaweza kushinda kwa kura milioni moja ama akashindwa kwa milioni moja ama chochote hapo katikati. Hiyo ni mianya kama milioni 2 inayowezekana, na ni mmoja tu kati yao ambao kura yako ndiyo inaukata. Kwa hivyo nafasi yako ni 1 kwa 2,000,000 hivi. Ni kama niandike namba kwa karatasi, kuanzia 1 hadi milioni mbili, nikunje, halafu uitaje mara moja.

Sasa weka pesa. Tuseme mtu wako akishinda wewe binafsi utafaidika na shilingi 100,000 kwa miaka mitano, labda ushuru wa spea za simu umeshuka, labda stima imepungua. Zidisha hiyo laki moja na nafasi yako, unapata senti 5. Senti tano! Na wewe umetoa elfu tano. Ili safari ilipe kwa hesabu hiyo, ushindi wa mtu wako ungefaa ukuletee wewe peke yako shilingi bilioni 10, na kama una mgombea wa aina hiyo basi wewe si fundi wa simu. Hapo ndipo jamaa yako amesimama, na mpaka hapo sina ubishi naye.

Lakini ile ya "kura moja haijawahi kubadilisha kitu", hiyo arudishe. Januari 1961 Zanzibar walipiga kura ya kuchagua wabunge 22. Chama cha ASP kilipata viti 10, cha ZNP 9, na kidogo cha ZPPP 3. Kiti kimoja kati ya vile 10 vya ASP kilikuwa cha Chake-Chake, Pemba, na kilichukuliwa kwa kura moja tu. Wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili wakaenda upande wa ZNP na mmoja akaenda ASP, ikawa 11 kwa 11, serikali ikashindwa kuundwa na ikabidi uchaguzi urudiwe Juni mwaka huo huo, na huo wa Juni ulikuja na damu. Hebu fikiria mtu mmoja tu wa Chake-Chake angepiga upande wa ZNP badala ya ASP. Kiti kinaenda ZNP, inakuwa 12 kwa 10, serikali inaundwa Januari. Kwa hivyo huwa inatokea, ni vile tu ni nadra, na kiti chenye wapigaji elfu chache hutokea kwa urahisi kuliko kinyang'anyiro cha nchi nzima. Nadra na haiwezekani si kitu kimoja, na hesabu yote inayofuata imekaa juu ya hiyo tofauti ndogo.

Najua mtu wa Nairobi ataniuliza nini hapa: mwanya ukiwa wa kura moja si wataenda kortini, wahesabu upya, fomu 34A zitolewe tena, mwishowe majaji saba ndio waamue? Ni kweli, na watu wengi wanadhani hiyo inaua hoja. Haiui. Tuseme mwanya wowote chini ya kura elfu moja lazima uishie kortini. Basi mtu wako akiongoza kwa mia tisa, nafasi yake kortini ni nzuri, akiwa nyuma kwa mia tisa ni mbaya, na hapo katikati kila kura inamsogeza kidogo tu. Ile nguvu iliyokuwa imekaa kwenye kura moja ya sare imegawanywa kwa kura hizo elfu mbili, kila moja ikapata kipande, na ukijumlisha vipande unarudi pale pale, 1 kwa milioni 2. Kitu ambacho kingeua hoja kabisa ni kama matokeo yameshaandikwa hata kabla mtu hajapiga. Ukiamini hivyo asilimia mia basi kaa kibandani, mimi sitakushika mkono. Ila watu wengi wanaosema hivyo ukiwauliza vizuri wanamaanisha wanashuku, na ukishuku nusu kwa nusu basi gawanya tu nafasi yako kwa mbili uendelee.

Tuje kwa mama. Swali lake la "kila mtu akifikiria hivyo" linagusa moyo lakini lina tundu. Wewe ukikaa Kayole siku hiyo, yule jirani wa Vihiga haoni, hajui, na haamui kwa sababu yako. Uamuzi wako hausukumi wa wengine. Quattrone na Tversky, wanasaikolojia wawili, walionyesha 1984 kwamba watu huwa wanateleza hapo: mtu anaona "watu kama mimi wakienda tutashinda", halafu anajihisi ni kama yeye akienda amewavuta wale wengine nao. Anachofanya ni kujisomea dalili, kisha anaichukulia kama ndiyo sababu.

Ila kuna chembe ya ukweli kwa hiyo hoja ya mama na wasomi waliifukuzia sana. Kama kweli watu wote wenye akili wangebaki nyumbani, mtu mmoja tu angeenda akachagua rais peke yake, hapo si 1 kwa milioni 2 tena, ni yeye tu na karatasi. Kwa hivyo "watu wote wabaki" haiwezi kuwa jibu la mwisho, kuna mtu lazima atatamani kwenda. Palfrey na Rosenthal wakaiweka hiyo kama mchezo wa kuviziana 1983 na wakapata kwamba inawezekana kabisa watu wengi wajitokeze, lakini 1985 hao hao wakarudi na habari mbaya. Ukikubali kwamba hakuna anayejua wenzake wanagharamika kiasi gani, na wapigaji ni wengi sana, wanaobaki kwenye foleni ni wale tu ambao kwenda hakuwagharimu chochote ama wanaenda kwa raha zao. Mtu wa nauli ya elfu tatu haonekani kwa hiyo foleni, na wewe nimeshakuona ukirudi na kidole cheusi.

Kuna dawa ingine ya 1974 ya Ferejohn na Fiorina, ya majuto. Wanasema mtu hahesabu nafasi kabisa, anauliza tu majuto gani yatamuuma zaidi: kupoteza elfu tano bure, ama kubaki nyumbani halafu mtu wake ashindwe kwa kura moja? Ya pili inauma zaidi kwa hivyo anaenda. Inapendeza kuiskia, lakini mtu anayeishi hivyo hawezi hata kupanda matatu, maana majuto ya ajali ni makubwa kuliko ya kuchelewa kazini. Tuipite.

Iliyoshika zaidi ni ya Riker na Ordeshook, 1968. Waliandika hivi: R = PB − C + D. R ni kile unachobaki nacho ukienda, P ni ile nafasi yako, B ni faida mtu wako akishinda, C ni gharama, ile elfu tano, na D ni kile unachopata kwa kupiga tu hata mtu wako akianguka: umetimiza wajibu, umejitokeza na watu wako, umeonana na mama, umepiga picha ya kidole. Kwa D kila kitu kinatatulika, na hapo ndipo shida iko. Mtu akienda tunasema D yake ni kubwa, asipoenda tunasema ni ndogo. Ni sawa na mganga anayesema dawa imefanya kazi ukipona na usipopona ulikosa imani. D inakuwa na maana tu ukiweza kuishika kwa njia ingine, uibonyeze uone kama watu wanasonga.

Na imebonyezwa. Agosti 2006 kule Michigan, Gerber, Green na Larimer walituma barua kwa maelfu ya nyumba kabla ya uchaguzi wa mchujo. Kule rekodi ya nani alipiga na nani hakupiga iko wazi kwa umma, ila si umempigia nani. Nyumba ambazo hazikupata barua, asilimia 29.7 walipiga. Waliopata barua inayowakumbusha wajibu wa raia peke yake walifika 31.5, hata hazijasonga sana. Lakini wale walioandikiwa barua yenye majina ya majirani, ikionyesha nani alipiga na nani hakupiga, na kuahidi kwamba baada ya uchaguzi itakuja ingine ya hivyo, wakaruka hadi 37.8. Kwa hivyo D ipo, na sehemu kubwa yake ni macho ya watu. Uswisi nao waliruhusu kura kwa posta, gharama ikashuka kabisa, na Patricia Funk akaonyesha kwamba kwenye vijiji vidogo waliojitokeza walipungua, maana kama unaweza kuposti ukiwa chumbani hakuna anayejua kama hukuposti. Sisi huku tunapakwa wino kidoleni. Wino uliwekwa wa kuzuia mtu kupiga mara mbili, lakini wiki nzima baada ya uchaguzi nani hajawahi kuangalia kidole cha mwenzake kwa foleni ya mpesa?

Sasa nikuambie ninayoiamini mimi, na wenzangu wengine watanipinga. Naona kosa la jamaa yako liko kwa B. Alihesabu faida yako wewe peke yako, ile laki moja. Lakini ukikaa na wateja wako mkibishana kuhusu uchaguzi, unasema "mimi nitapata hiki"? Watu wengi husema nchi itakuwa hivi, bei ya unga itakuwa vile, watoto shuleni watafanyiwa hivi. Edlin, Gelman na Kaplan walichukua hiyo kwa uzito 2007 wakasema haya basi, hesabu faida ya watu wote, kisha ipunguze kwa kiasi unachowajali hao wengine.

Tufanye hivyo na safari yako ya Vihiga. Tuseme unaamini mtu wako akishinda kila Mkenya atakuwa na nafuu ya shilingi 1,000 kwa miaka mitano, ni shilingi 200 kwa mwaka, yaani kama pakiti moja ya unga. Tuko kama watu milioni 50. Nafasi yako ni 1 kwa milioni 2. Gawanya milioni 50 kwa milioni 2, unapata 25. Yaani kupiga kura ya rais ni kama umepewa usukani wa matatu ya watu 25 uamue peke yako wanaenda wapi. Watu 25 mara shilingi 1,000 ni 25,000. Hiyo ndiyo thamani ya kura yako ukiihesabu kwa watu wote. Lakini shilingi ya mtu usiyemjua huwezi kuipenda kama yako, hakuna mtu ako hivyo. Ukiithamini kwa senti 20 tu, ile 25,000 inakuwa 5,000, na ndiyo hasa gharama yako. Mtu anayetupia ombaomba kumi bob mjini ama anayechangia harambee ya hospitali ya mtu wa mbali anafika senti 20 bila shida.

Angalia vile mambo yamejipanga hapo. Wapigaji wakiongezeka nafasi yako inashuka, ndiyo, lakini watu watakaoguswa na matokeo nao wanaongezeka, na hivyo viwili vinafutana. Ndiyo maana uchaguzi mkubwa hauui kura yako vile Downs alidhani. Ijaribu kwa MCA: wadi ya watu 30,000, mwanya unaweza kuwa popote hadi kura 3,000 upande huu ama ule, nafasi ni 1 kwa 6,000, kwa hivyo usukani wako ni wa watu 5. Ni wachache kuliko 25, lakini MCA anaweza kukugusa kwa basari, taa na barabara ya mtaa, na karatasi zote sita unazipiga kwa nauli ile ile moja.

Udhaifu wake pia nikuambie. Kwanza inategemea uwe umemsoma mgombea vizuri, kwa sababu ukikosea ile matatu ya watu 25 umeipeleka mtaroni kwa usukani huo huo, na jirani yako wa upande ule mwingine anafanya hesabu hii hii akiwa na uhakika kama wako. Pili ikiwa mwanya unajulikana mapema hoja inakufa. Marudio ya Oktoba 2017, Raila alipojiondoa, matokeo yalikuwa wazi hata kabla ya siku, na waliojitokeza walishuka kutoka karibu asilimia 79 ya Agosti hadi kama 39. Kushuka huko nadharia inakutabiria vizuri, ijapokuwa si P peke yake iliyofanya hivyo, kulikuwa na mgomo na sehemu za Nyanza kura haikupigwa kabisa. Lakini zaidi ya watu milioni 7 bado walienda kupiga kwa uchaguzi ambao P yake ilikuwa kama sifuri, na hao siwezi kukuelezea kwa matatu ya watu 25. Hao ni D tupu. Ndiyo maana mimi huwaambia wanafunzi kwamba hesabu hizi zinajua vizuri kwa nini watu huongezeka ama kupungua, ila zikiulizwa kwa nini mtu wa kwanza aliamka saa kumi usiku kupanga foleni zinaanza kukohoa.

Kuna kitu kingine cha hapa kwetu ambacho Downs hakukihesabu. Rais anahitaji nusu ya kura na moja juu, si kumpita tu wa pili. 2022 Ruto alimpita Raila kwa kura 233,211, lakini juu ya ile nusu alikuwa amebakisha kama elfu 70 tu. Kwa hivyo kuna mistari miwili ambayo kura yako inaweza kuikata, ule wa kushinda na ule wa kurudi raundi ya pili, na wa pili ulikuwa karibu zaidi. Nafasi yako ni nzuri kidogo kuliko ile 1 kwa milioni 2 niliyokupa mwanzo, ingawa faida ya kusukuma tu raundi ya pili ni ndogo kuliko ya kumpa mtu urais.

Kwa hivyo kwako wewe herufi ya kushughulikia ni C, kwa sababu hiyo ndiyo iko mkononi mwako. Kura ya rais haina mkoa, ukiipiga Kayole ama Vihiga uzito wake ni karibu ule ule, na nauli inashuka kutoka elfu tatu hadi sifuri. Kinachobadilika ni zile karatasi tano zingine, gavana mpaka MCA. Jiulize ni wapi unajua wagombea vizuri na ni wapi maji, taka na barabara zinakugusa kila siku, na kama ni Kayole basi hamisha. Ukiona bado unataka Vihiga kwa sababu ya mama na shamba, hiyo ni D yako na elfu tano ni bei yake, usimwombe jamaa yako ruhusa. Kuhamisha kituo hakufanywi kwa simu wala kwa kutuma mtu, unaenda mwenyewe na kitambulisho kwenye ofisi ya IEBC ya eneo bunge unakotaka kuhamia, wanachukua alama zako za vidole. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027 na uhamisho hufungwa mapema kabla ya hapo, kwa hivyo ukifika waulize mwisho ni lini, na ukishahama hakikisha jina liko kwa daftari la kituo kipya kabla hujawaambia watu wa nyumbani kwamba mwaka huo huji.